Unapandisha Bei? Hariri Tangazo Mpaka Mteja Ajue Kwa Nini, Ngapi na Kuanzia Lini

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maziwa Njiru. Kila asubuhi saa kumi na mbili, boda inamletea mitungi kutoka kwa mfugaji wa upande wa Kamulu. Anapima na kufunga, kisha kijana wake anapeleka kwa wateja Chokaa, Saika na kwenye ploti za kando ya barabara ya Kangundo. Wateja hawalipi kila siku. Wanalipa Jumapili jioni kwa tili yake, hesabu ya wiki nzima.

Mfugaji amempigia simu na kumwambia kuanzia Novemba lita inapanda kwa shilingi 10. Mama ameamua naye aongeze shilingi 10 kwa lita. Anakaa chini na simu, anaandika hivi:

"Wateja wetu wapendwa, kutokana na hali ngumu ya uchumi na kupanda kwa gharama ya maisha, tunapenda kuwajulisha kwamba bei ya maziwa itaongezeka kidogo kuanzia mwezi ujao. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Asanteni kwa kuendelea kutuamini."

Kiswahili ni safi na heshima ipo. Lakini fikiria meseji hiyo ikifika kwa wateja arobaini. Mmoja anajibu, "Kwani sasa ni pesa ngapi?" Mwingine anauliza, "Ni wiki hii ama ijayo?" Wa tatu hajibu chochote, ila Jumapili anatuma pesa ile ile ya zamani. Wa nne alishalipia mwezi mzima na anashangaa kama anadaiwa. Mama atashinda siku tatu akijibu simu, na tili yake itaonyesha malipo yasiyolingana na daftari.

Tangazo hilo lina maneno zaidi ya thelathini, na hakuna hata bei moja ndani yake wala tarehe moja. Tulihariri pamoja, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: bei ije mbele, kwa kipimo anachonunua mteja

Mteja akiona meseji ya bei, jicho lake linatafuta namba. Kama namba haiko kwenye mstari wa kwanza au wa pili, anaruka meseji au anapiga simu. Kwa hiyo "wateja wetu wapendwa" inaweza kungoja. Bei haingoji.

Neno la kwanza la kufuta ni "kidogo". Shilingi tano ni kidogo kwa nani? Kwa mtu anayenunua nusu lita siku moja moja, sawa. Kwa mama mwenye watoto wanne anayechukua lita mbili kila siku, hiyo "kidogo" inakuwa shilingi 140 kwa wiki. Muuzaji anaposema kidogo, mteja anaona kama anaamuliwa jinsi ya kujisikia. Andika namba, aamue mwenyewe.

Pia usiandike asilimia. "Bei itapanda kwa asilimia 8" inamlazimu mteja apige hesabu, na wengi hawatapiga. Weka bei ya zamani na mpya zikiwa pamoja, kwa sababu si kila mtu anakumbuka analipa ngapi:

Nusu lita: sasa 60, itakuwa 65.
Lita moja: sasa 120, itakuwa 130.

Halafu jiulize: mteja wangu hulipa nini hasa? Wateja wa mama huyu hawalipi nusu lita. Wanalipa wiki. Kwa hiyo namba watakayoandika kwenye simu Jumapili si 65 bali 455, badala ya 420 waliyoizoea. Anayechukua lita kila siku atalipa 910 badala ya 840. Ukiwa na wateja wa wiki, waandikie ya wiki. Kama unakusanya taka na unalipisha kwa mwezi, andika ya mwezi. Kama unauza maji kwa mtungi wa lita 20, andika ya mtungi. Namba iliyo kwenye tangazo iwe ile ile ambayo mteja ataiandika akilipa.

Jambo la mwisho kuhusu bei ni kutaja ambacho hakijapanda. Mama huyu anauza mtindi pia, na mtindi unabaki pale pale. Asiposema, mteja atadhani kila kitu kimepanda, au atalipa mtindi kwa kubahatisha. Mstari mmoja unatosha: "Mtindi haujapanda. Kuletewa nyumbani bado ni bure."

Hatua ya pili: sababu itoshe ongezeko lote

Hapa ndipo matangazo mengi huharibika. "Hali ngumu ya uchumi" ni kweli, lakini haielezi kwa nini ni shilingi 10 na si 5 au 30. Mteja naye anaishi kwenye uchumi huo huo. Sababu nzuri ni ile ambayo mteja akiishika na kuipima na bei mpya, anaona vinalingana.

Mfano ambao karibu kila Mkenya aliupitia ni wa mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha ushuru unaotozwa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu, kutoka asilimia 12 hadi 15, kuanzia Julai 1. Ada za M-PESA zikabadilika. Kutuma kati ya shilingi 101 na 500 kulikuwa shilingi 6, kukawa 7. Kutuma kati ya 20,001 na 35,000 kulikuwa 105, kukawa 108.

Sasa mwambie mtu wa mtaani, "Ushuru wa kutuma pesa umepanda hadi asilimia 15." Sentensi hiyo inaweza kumpoteza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: anafikiri ni asilimia 15 ya pesa anayotuma. Akituma 500, anaogopa kukatwa 75. Sivyo. Ushuru unahesabiwa kwenye ada, hauhesabiwi kwenye pesa inayotumwa. Maneno machache yanamaliza hofu hiyo: "Ushuru huu ni wa ada, si wa pesa unayotuma."

Njia ya pili ni ya mtu makini anayepiga hesabu. Anasema: 12 hadi 15 ni tofauti ya 3. Asilimia 3 ya shilingi 6 haifiki hata senti 20. Mbona nimeongezewa shilingi nzima? Swali lake ni la haki. Tukipiga hesabu pamoja naye, ada ya 6 ukitoa ushuru wa asilimia 12 inabaki kama 5.36. Ukiweka ushuru wa asilimia 15 juu yake, unapata 6.16. Lakini ada hutozwa kwa shilingi kamili, na 6.16 ikipandishwa hadi shilingi kamili inayofuata inakuwa 7. Kwa ile ya 105, hesabu hiyo hiyo inatoa 107.81, yaani 108. Kwa ada kubwa, ushuru unaeleza karibu ongezeko lote. Kwa ada ndogo, sehemu kubwa ya ile shilingi inatokana na kufikisha hesabu kwenye shilingi kamili. Tangazo linalotaja ushuru peke yake linamwacha mteja wa pesa kidogo na hesabu isiyofunga, na hesabu isipofunga, mtu huanza kufikiri anaibiwa.

Turudi kwa mama wa maziwa. Mfugaji ameongeza shilingi 10 kwa lita, naye ameongeza shilingi 10 kwa lita. Hesabu inafunga, basi aandike hivyo: "Mfugaji wetu amepandisha lita kwa shilingi 10, nasi tumepandisha kwa hizo hizo 10." Hapa kuna uamuzi mdogo wa kihariri. Si lazima ataje kwamba hununua lita kwa 90 na sasa ni 100. Hiyo ni siri ya biashara yake, na akiitaja, mazungumzo yatahama kutoka bei mpya hadi faida yake. Kutaja ongezeko kunatosha.

Je, kama angetaka kuongeza shilingi 20? Basi sababu ya mfugaji inaeleza nusu tu. Hizo 10 nyingine zinahitaji sababu yake, labda kijana wa kupeleka ameongezwa mshahara, au vifungashio vimepanda. Aseme zote mbili. Kumtwika mfugaji mzigo wote ni uongo, na Njiru si mbali na Kamulu. Mteja anaweza kumjua mfugaji huyo huyo.

Tena, angalia kama sababu yako inaweza kugeuka. Ukisema bei imepanda kwa sababu ya mafuta, kumbuka EPRA hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na mtaa mzima husikia. Mafuta yakishuka mwezi ujao, mteja atakuuliza, "Sasa mbona maziwa hayajashuka?" Kama uko tayari kushusha, taja mafuta. Kama hauko tayari, basi mafuta si sababu yako kamili.

Hatua ya tatu: tarehe ishikane na kitendo

"Kuanzia mwezi ujao" ina shida tatu. Haisemi siku. Haisemi mwezi gani, na meseji ikisomwa tarehe 1 na mtu aliyekuwa ameishiwa bando, "ujao" unakuwa Desemba. Na zaidi ya yote, haisemi ni nini kinachoanza: maziwa yatakayoletwa, au malipo yatakayofanywa?

Hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi. Mteja anakula maziwa Jumatatu mpaka Jumapili, kisha analipa. Kama bei mpya inaanza katikati ya wiki, kila hesabu itakuwa nusu zamani nusu mpya. Katika mfano huu, tarehe 1 Novemba ni Jumamosi. Mama angeanza siku hiyo, hesabu ya Jumapili tarehe 2 ingekuwa siku tano za bei ya zamani na siku mbili za bei mpya. Kwa nusu lita, hiyo ni 430. Hakuna mteja atakayeituma bila kuuliza.

Tulimshauri asukume mbele siku mbili, aanze Jumatatu tarehe 3. Anapoteza shilingi chache za Jumamosi na Jumapili, lakini anapata wiki safi. Sentensi inakuwa hivi: "Maziwa yatakayoletwa kuanzia Jumatatu, 3 Novemba, ni ya bei mpya. Malipo ya Jumapili, 2 Novemba, bado ni ya bei ya zamani." Siku, tarehe na mwezi, vyote vitatu. Ukikosea kimoja, viwili vinamwonyesha mteja kwamba kuna kosa. Ukiandika "Jumatatu ijayo" peke yake, meseji ikitumwa tena kwa mtu mwingine siku nne baadaye, inageuka maana.

Kuna pia yule aliyelipia mbele. Mteja mmoja huchukua lita kila siku na amelipia hadi tarehe 15 Novemba. Akidaiwa nyongeza, ataona amedanganywa: alilipa bei iliyokuwepo, na pesa ikapokelewa. Kumwacha kwenye bei ya zamani kuanzia tarehe 3 hadi 15 kunamgharimu mama siku 13 mara shilingi 10, yaani shilingi 130. Ni bei ndogo ya kumaliza ubishi. Aandike: "Aliyelipia mbele hadaiwi nyongeza mpaka siku alizolipia ziishe."

Na atangaze lini? Kipimo chetu ni kwamba mteja apate angalau malipo mamoja ya bei ya zamani baada ya kusoma tangazo. Mama anatuma Jumapili tarehe 26 Oktoba, wakati wateja wako na simu mkononi wakilipa. Wanalipa zamani siku hiyo, wanalipa zamani tena tarehe 2, na malipo ya kwanza ya bei mpya ni Jumapili tarehe 9. Jumapili ya tarehe 2 jioni anatuma ukumbusho wa mstari mmoja.

Lakini usitangaze kabla jambo halijakamilika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu utoke asilimia 15 hadi 20. Kwa wiki kadhaa watu waliuzungumza kama jambo lililopita tayari. Mwezi Juni mwaka huo, baada ya maandamano, Rais alikataa kutia sahihi mswada huo. Aliyekuwa amewatangazia wateja bei mpya kwa sababu ya mswada huo alibaki na tangazo la kufuta. Mama naye asubiri mfugaji athibitishe siku na kiasi kabla ya kubonyeza kutuma.

Tangazo baada ya kuhaririwa

Hili ni la WhatsApp, mahali penye nafasi:

"Habari zenu. Bei ya maziwa inabadilika.
Nusu lita: sasa 60, itakuwa 65 (kwa wiki 455 badala ya 420).
Lita moja: sasa 120, itakuwa 130 (kwa wiki 910 badala ya 840).
Inaanza na maziwa ya Jumatatu, 3 Novemba. Malipo ya Jumapili, 2 Novemba, bado ni ya bei ya zamani.
Mfugaji wetu amepandisha lita kwa shilingi 10, nasi tumepandisha kwa hizo hizo 10.
Mtindi haujapanda, na kuletewa nyumbani bado ni bure. Aliyelipia mbele hadaiwi nyongeza mpaka siku alizolipia ziishe. Namba ya tili ni ile ile. Asanteni."

"Tunaomba radhi kwa usumbufu" imeondoka na hakuna aliyeikosa. Asante imebaki, ila mwishoni.

Kuna wateja wasio na WhatsApp. Hao wanahitaji meseji ya kawaida, na meseji moja inabeba herufi 160 pamoja na nafasi. Ikizidi hapo, inakatwa vipande na unalipishwa kila kipande. Hii hapa ina 157:

"Maziwa: kuanzia Jumatatu 3 Novemba nusu lita ni 65 (sasa 60), lita 130 (sasa 120). Mfugaji amepandisha lita kwa sh10. Malipo ya Jumapili 2/11: bei ya zamani."

Uangalie kitu kimoja. Ukiweka emoji hata moja, kiwango cha meseji hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, na hiyo meseji moja inakuwa vipande vitatu. Hata alama ya ng'ombe inaweza kukuponza: simu nyingine huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda huhesabiwa kama emoji. Tuma kwanza kwa simu yako mwenyewe uone.

Uone pia mstari wa "namba ya tili ni ile ile". Usibadilishe bei na namba ya kulipia kwenye tangazo moja. Matapeli hupenda meseji ya aina hiyo, "bei mpya, lipia namba hii". Mteja wako akizoea kwamba namba haibadiliki na bei, siku akipata meseji ya uongo atashtuka na kukupigia. Ukilazimika kubadilisha tili, fanya hivyo wiki tofauti, na uwaambie pia ana kwa ana.

Pima kabla ya kutuma, pima tena baada ya kulipwa

Kabla ya kutuma, mpe mtu mmoja asiyejua lolote asome. Jirani atafaa, mradi si mtu wa nyumbani mwako. Asome mara moja, chukua simu, kisha muulize: "Unachukua nusu lita kila siku. Jumapili tarehe 2 utalipa ngapi? Na tarehe 9?" Akisema 420 kisha 455, tuma. Akisita kwenye tarehe, rekebisha mstari wa tarehe. Akiuliza "lakini kwa nini?", sababu yako haijafika. Usimweleze kwa mdomo ukaacha maandishi vile vile, maana hutakuwepo wateja wengine wakisoma.

Kisha siku ya kwanza, badilisha bei kila mahali palipoandikwa: karatasi ya getini, stika ya kibandani, picha ya bei kwenye WhatsApp. Karatasi moja ya zamani ikibaki ukutani ikisema 60, mteja ana haki ya kukuonyesha.

Jumapili tarehe 9 jioni, fungua taarifa ya tili yako na utafute malipo ya 420 na 840. Ukimpata mtu mmoja au wawili, huenda hawakuona meseji. Watumie kwa upole: "Asante, nimepokea 420. Hesabu ya wiki hii ni 455 kwa bei mpya ya kuanzia tarehe 3. Zile 35 tuziweke na za wiki ijayo?" Lakini ukikuta nusu ya wateja wamelipa bei ya zamani, usianze kupigia kila mmoja. Rudi usome tangazo lako upya. Watu ishirini hawawezi wote kuwa wasahaulifu wiki moja. Kuna mstari ambao haukueleweka, na mara nyingi ni ule wa tarehe.